Cheti cha ISO kwa siku saba: nimwamini nani?

Ndugu Mshauri,

Ninasimamia ubora katika kampuni inayotengeneza vifungashio vya plastiki. Tuko wafanyakazi 40. Mteja wetu mkubwa ametuandikia kwamba kuanzia mwaka ujao atanunua kwa wenye cheti cha ISO 9001 tu, tena kiwe kimetolewa chini ya ithibati.

Tumepata ofa mbili. Wa kwanza wanaahidi cheti ndani ya siku saba. Tunajaza fomu, tunakaa nao kikao kimoja cha video, na nyaraka zote za mfumo wanatuandikia wao. Karatasi zao zina nembo ya ISO, muhuri wa dhahabu na nakala ya cheti chao cha ithibati kutoka chombo chenye jina la kimataifa. Nilichanganua msimbo wa QR kwenye cheti cha mfano, ukafunguka na kuandika "halali". Wa pili wanataka karibu mara nne ya bei hiyo na wanasema kazi itachukua miezi kadhaa. Nao wanasema wana ithibati.

Bosi ananiuliza: kama wote wana ithibati, kwa nini tulipe zaidi? Sikuwa na jibu. Nimekuambatishia ofa zote mbili.

Msimamizi wa Ubora

*

Dada yangu, nimezisoma ofa zote mbili. Wa kwanza ni wachapa vyeti, hilo nalisema bila kusita. Lakini usimkimbilie wa pili bado, kwa sababu ofa yake nayo ina tundu, na tundu lenyewe ni gumu kuliona kuliko yote ya wa kwanza.

Tuanzie kwenye nembo ya ISO, maana ndiyo iliyompendeza bosi wako. ISO iko Geneva, imekuwepo tangu 1947, na kazi yake ni kuandika viwango. Haikagui kampuni ya mtu, haitoi cheti kwa mtu, na haimpi ithibati mtu. Nembo yake ni mali yake na haimruhusu mtoa vyeti kuibandika kwenye karatasi zake. Kwa hiyo ukiona nembo hiyo kwenye cheti, au maneno "tumeidhinishwa na ISO", umeshapata dalili mbaya ya kwanza kabla hata hujafungua kompyuta.

Anayekuja kukukagua ni taasisi ya kutoa vyeti. Yeye naye anakaguliwa na chombo cha ithibati, kwa kutumia kiwango kiitwacho ISO/IEC 17021-1. Vyombo vya ithibati unavyoweza kukutana navyo ni kama UKAS ya Uingereza, DAkkS ya Ujerumani, ANAB ya Marekani, SANAS ya Afrika Kusini au KENAS ya Kenya. Na vyombo hivi vyenyewe havijipi cheo: vinachunguzana kwa ISO/IEC 17011, wataalamu wa vyombo vingine wakija kuvipekua kila baada ya miaka michache, na vinavyofaulu vinatia saini makubaliano ya kutambuana chini ya jumuiya iitwayo IAF. (IAF imeunganishwa na ILAC, jumuiya ya upande wa maabara, kuwa chombo kimoja kiitwacho Global Accreditation Cooperation. Ukikutana na jina hilo usidhani ni utapeli mwingine.)

Sasa hapa ndipo wachapa vyeti wanapopenyea. Sehemu nyingi hakuna sheria inayomzuia mtu kusajili kampuni na kuiita bodi ya kimataifa ya ithibati. Mchapa vyeti akiulizwa "nani amekupa ithibati?" anahitaji kuwa na jibu, basi analitengeneza: anafungua kampuni ya pili, au anamlipa mwenzake aliyekwisha kuifungua, na hiyo ya pili inaipa ya kwanza cheti chenye muhuri wa dhahabu. Ukianza kufuatilia kutoka chini, yaani kutoka kwenye ofa, kila kiungo utakachobonyeza kitakupeleka mahali palipoandaliwa kwa ajili yako. Ule msimbo wa QR uliouchanganua ulifungua ukurasa wa tovuti ya mtoa vyeti mwenyewe. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Ndiyo maana uchunguzi unaanzia juu na kushuka. Mimi nilifanya hivi kwa ofa ya kwanza. Sikubonyeza kiungo chochote chao. Nilikwenda mwenyewe kwenye orodha ya vyombo vilivyotia saini makubaliano ya kutambuana, nikatafuta jina la chombo chao cha ithibati. Halimo. Nikajaribu kifupi chake, halimo. Kuna jina linalofanana nalo kwa herufi tatu, na nadhani mfanano huo umekusudiwa. Uchunguzi ungeweza kuishia hapo, ila nilitaka uwe na kitu cha kumwonyesha bosi, basi nikaangalia tarehe za usajili wa anwani za tovuti kwa kutumia WHOIS, huduma ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia. Tovuti ya mtoa vyeti na tovuti ya "bodi ya kimataifa" inayompa ithibati zilisajiliwa mwezi mmoja, zikipishana siku nne. Kwenye ukurasa wa mawasiliano wa bodi hiyo kuna namba ya simu ambayo pia iko chini ya ofa uliyotumiwa.

Unapoisoma orodha hiyo mwenyewe, zingatia mambo mawili. Kuwa mwanachama wa jumuiya si sawa na kuwa mtia saini, kwa hiyo tafuta neno la pili. Halafu saini hutolewa kwa aina ya kazi. Chombo kinaweza kutambuliwa kwa ithibati ya vyeti vya bidhaa na kisitambuliwe kwa vyeti vya mifumo ya usimamizi, ambayo ndiyo kazi ya ISO 9001. Kuna pia watoa vyeti wanaojivunia kwamba wao wenyewe wana cheti cha ISO 9001. Hicho hakihusiani na ithibati hata kidogo.

Tuje kwenye siku, kwa sababu hesabu hii inaweza kumfikia bosi kuliko habari ya majina na vifupi. Muda wa ukaguzi chini ya ithibati haupangwi kwa mapatano. Waraka wa IAF uitwao MD 5 una jedwali linaloanzia kwenye idadi ya wafanyakazi. Kwa ISO 9001, kampuni yenye watu 26 hadi 45 inaanzia siku 4 za mkaguzi mmoja kwa ukaguzi wa mara ya kwanza, hatua zake mbili zikijumlishwa. Mtoa vyeti anaruhusiwa kupunguza akiwa na sababu za kuandika, lakini si zaidi ya asilimia 30. Kwenu ninyi, hata punguzo lote likitolewa, siku 4 zinashuka hadi 2.8. Anaweza pia kuhesabu watu pungufu ya 40, kwa mfano kama wengi wenu mnafanya kazi ileile kwa zamu, lakini lazima aeleze amehesabuje. Baada ya hapo kuna ukaguzi wa ufuatiliaji angalau mara moja kwa mwaka, ambao ni karibu theluthi ya ule wa mwanzo, yaani siku moja na kitu, na wa kwanza wake haupiti miezi 12 tangu uamuzi wa kutoa cheti. Mwaka wa tatu mnakaguliwa upya kwa karibu theluthi mbili ya muda wa awali, kisha cheti kinahuishwa.

Linganisha na ofa ya kwanza: kikao kimoja cha video cha saa mbili, cheti cha miaka mitatu, na kila mwaka "ada ya kuhuisha" bila mkaguzi kutajwa popote. Mtu anayekulipisha kila mwaka bila kuja kuangalia chochote anakuuzia karatasi. Simaanishi kwamba video yenyewe ni kosa. Ukaguzi wa mbali unaruhusiwa kwa masharti, na watoa vyeti wa kweli wanautumia, hasa kwa kupitia nyaraka. Lakini mashine za plastiki haziachi kutoa vifungashio vyenye unene usio sawa kwa sababu mtu amezungumza na meneja kwenye skrini. Anayekagua mfumo wenu lazima aone mtu wa mashine anafanya nini kipimo kikitoka nje ya mpaka.

Jambo jingine katika ofa hiyo linatosha peke yake kuimaliza, hata kama chombo chao cha ithibati kingekuwa cha kweli. Wanaahidi kuwaandikia nyaraka za mfumo na kisha kuwakagua. ISO/IEC 17021-1 inamkataza mtoa vyeti kutoa ushauri elekezi wa mifumo ya usimamizi, kwa sababu iliyo wazi: hakuna anayesahihisha mtihani alioufanya mwenyewe akajipa alama mbaya. Hata kukwambia "ukimtumia mshauri fulani, cheti kitatoka haraka zaidi" hairuhusiwi. Mshauri mnaweza kumwajiri, na wengi wanafanya hivyo, lakini awe mtu mwingine kabisa. Na mkaguzi aliyekuja kwenu siye anayeamua cheti kitoke. Uamuzi hufanywa na mtu mwingine ndani ya taasisi baada ya kuisoma ripoti. Ahadi ya siku saba imetolewa na mtu ambaye tayari ameshaamua, kabla hajajua hata mnatengeneza nini.

Sasa huyo wa pili. Yeye nilimfuatilia kwa njia ileile, kutoka juu. Chombo chake cha ithibati ni mtia saini, na kwa mifumo ya usimamizi. Nikaingia kwenye tovuti ya chombo hicho, nikamkuta yumo, ithibati yake haijasimamishwa, na kiwango cha ISO 9001 kimetajwa. Wengi wanaishia hapo wakashusha pumzi. Mimi nilifungua kiambatisho cha wigo, ile hati inayosema ithibati yake inaishia wapi.

Ithibati haitolewi kwa jumla jamala. Hutolewa kwa kiwango fulani na kwa sekta fulani, na sekta zina namba, kuanzia 1 hadi 39. Vifungashio vya plastiki viko namba 14, bidhaa za mpira na plastiki. Kiambatisho cha huyu bwana kina namba 28, ambayo ni ujenzi, 29 ya biashara ya jumla na rejareja, 35 ya huduma nyinginezo, na 37 ya elimu. Ya 14 haimo.

Maana yake ni kwamba angeweza kuja kwenu, akawakagua siku zote nne kwa uaminifu, akawapa cheti kizuri, na cheti hicho kisiwe chini ya ithibati. Kingetoka bila alama ya chombo cha ithibati. Au, kama si mwangalifu, kingetoka na alama ambayo hana haki ya kuitumia kwa kazi yenu, na siku chombo chake kikigundua, cheti kinaondolewa mikononi mwenu. Sisemi ni tapeli. Naona ofa imeandikwa na mtu wa mauzo aliyenakili sentensi ya "tuna ithibati" kutoka ofa ya mteja mwingine bila kufungua kiambatisho. Lakini mteja wenu hatauliza nani alinakili.

Kwa haki ya wote, niseme pia kwamba kutokuwa na ithibati si ushahidi wa utapeli. Ithibati kwa kawaida ni ya hiari, na ISO wenyewe wanakubali kwamba mtoa vyeti asiye nayo anaweza kuwa mwaminifu. Kama mngekuwa mnatafuta jicho la nje la kuwanyoosha tu, ningekuwa mlegevu zaidi. Mteja wenu lakini ametaja ithibati kwa jina, na mtu anayeandika hivyo ana idara inayojua kuangalia.

Niliwahi kukaribishwa, enzi zangu za ukaguzi, kwenye kiwanda ambacho kilikuwa na cheti cha aina ya hicho cha siku saba kwa karibu miaka mitatu. Mnunuzi mpya alikikataa mchana mmoja. Mkurugenzi alitaka tukihamishie kwetu, kama mtu anavyohamisha akaunti ya benki, na alikasirika nilipomwambia haiwezekani. Waraka wa IAF wa kuhamisha vyeti, MD 2, unaruhusu kuhamisha vile vilivyo chini ya ithibati inayotambuliwa tu. Mwingine yeyote anahesabiwa mgeni: anaanza hatua ya kwanza, na siku zote za ukaguzi. Nilipokwenda kwenye karakana nikaona kwa nini. Kumbukumbu za vipimo zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, miezi miwili mfululizo, bila kipimo hata kimoja kilichotoka nje ya mpaka. Hakuna aliyewahi kuziangalia, basi hakuna aliyeona haja ya kupima. Walichokuwa wamelipia miaka mitatu hakikupunguza hata senti ya gharama waliyokuja kuilipa baadaye.

Kwa hiyo fanya hivi. Wa kwanza usimjibu. Wa pili mwandikie barua pepe fupi, na umuulize mambo haya kwa maandishi: je, cheti cha ISO 9001:2015 atakachowapa kwa utengenezaji wa vifungashio vya plastiki kitabeba alama ya chombo chake cha ithibati? Kama ndiyo, akuonyeshe namba 14 iko wapi kwenye kiambatisho cha wigo. Ukaguzi wa kwanza ni siku ngapi za mkaguzi, amehesabu watu wangapi, na amepunguza nini kwa sababu gani? Ufuatiliaji wa kila mwaka ni siku ngapi? Swali la kwanza likijibiwa kwa "tuna ithibati ya kimataifa", hajalijibu. Akisema ameomba kuongezewa namba 14 na anasubiri, anaweza kuwa anasema kweli, lakini muulize chombo chake cha ithibati moja kwa moja, na msitie saini kabla haijaonekana kwenye kiambatisho.

Wakati huohuo tafuta ofa ya tatu. Safari hii anza kwenye tovuti ya chombo cha ithibati, uchuje watoa vyeti wenye ISO 9001 na namba 14, kisha uwaandikie hao. Utashangaa orodha inavyokuwa fupi, na bei zao zinavyokaribiana, kwa sababu wote wanauza siku zilezile za jedwali.

Cheti kikishatoka, kabla hujamtumia mteja, kisome kama ungesoma hundi. Jina la kampuni na anwani ya kiwanda ziwe sahihi, kiwango kiwe na mwaka wake, kazi inayofunikwa itaje utengenezaji na si "biashara ya vifungashio", tarehe za kuanza na kuisha ziwepo, namba ya cheti iwepo, na alama ya chombo cha ithibati iwe ileile uliyoiona kwenye orodha ya juu. Kisha kitafute kwenye IAF CertSearch, iafcertsearch.org. Ukikikuta, mteja wenu naye atakikuta. Usipokikuta, isiwe hukumu, maana taarifa huchelewa kupakiwa. Muulize mtoa vyeti lini ataziweka. Hata bila hifadhidata hiyo, analazimika kumthibitishia yeyote anayeuliza kama cheti chenu ni halali, kwa hiyo mpigie simu ofisi yake kuu kwa namba uliyoipata kwa chombo cha ithibati, si iliyochapishwa kwenye cheti.

Nikumbushe ukipata ofa ya tatu, nitakusaidia kusoma kiambatisho chake.